Kazi 19, Sehemu Moja: Kisa cha Mhariri wa Kujitegemea na Wasifu Wake

Mhusika na hali yake

Mhusika wa kisa hiki ni mhariri na mfasiri aliyeniletea wasifu wake ili niupitie, baada ya kuomba nafasi 11 za ajira bila kuitwa kwenye usaili hata mmoja. Majina ya wateja wake, ya taasisi alizoomba kazi na ya watu waliohusika yameondolewa, na baadhi ya maelezo madogo yamebadilishwa ili asitambulike. Tarehe na hesabu zimebaki katika uwiano wake wa awali, kwa sababu kisa chenyewe kimejengwa juu yake.

Alikuwa ameajiriwa kwa miaka 3 kama mhariri msaidizi katika kampuni ya uchapishaji, kisha akaondoka na kuanza kufanya kazi za kujitegemea mwezi Aprili 2019. Alipokuja kwangu ilikuwa Agosti 2023, naye alikuwa akitafuta nafasi ya kudumu ya mhariri wa machapisho. Katika kipindi hicho cha zaidi ya miaka 4 alikuwa amefanya kazi 19 alizoweza kuzikumbuka na kuzithibitisha: 8 za uhariri na usomaji prufu, 4 za tafsiri, 3 za unukuzi wa mahojiano yaliyorekodiwa, mkataba mmoja wa miezi 9 wa kuratibu machapisho ndani ya shirika, na vibarua 3 visivyohusiana na lugha kabisa, yaani kukusanya takwimu kwa siku 10, kusimamia mitihani, na kupokea wageni kwenye maonyesho kwa siku 4.

Uwezo wake haukuwa na shaka. Niliposoma sampuli za kazi zake niliona mhariri makini, anayejua kuilinda sauti ya mwandishi huku akirekebisha lugha yake. Kilichomwangusha ni namna alivyoiandika historia ya kazi zake.

Wasifu wa kwanza: kila kazi na kichwa chake

Katika wasifu wa kwanza kila moja ya kazi zile 19 ilikuwa na ingizo lake: cheo, jina la mteja, mwezi wa kuanza na wa kumaliza, na mistari miwili ya maelezo. Zilipangwa kuanzia ya karibuni hadi ya zamani, zikajaza kurasa 3, na ile ajira ya miaka 3 ikasukumwa hadi chini ya ukurasa wa mwisho.

Mpangilio huo ulileta matatizo matatu, ambayo msomaji wa haraka huyahisi bila hata kuyataja. La kwanza ni kwamba kazi zote zilionekana na uzito sawa. Siku 4 za kupokea wageni zilichukua nafasi ileile iliyochukuliwa na miezi 9 ya kuratibu machapisho, na jicho linalopita ukurasani halikuwa na njia ya kujua ipi ni nguzo na ipi ni ya kupita. La pili ni kwamba tarehe zilipandana. Novemba 2019 pekee ilikuwa na maingizo matatu, na mtu asiyefahamu mwenendo wa kazi za kujitegemea alibaki akijiuliza kama mwombaji aliajiriwa mahali patatu kwa wakati mmoja, au kama tarehe zenyewe zimekosewa. La tatu, ambalo kwa maoni yangu lilimdhuru zaidi, ni kwamba mteja aliyempa kazi mara nne alionekana kama waajiri wanne walioachwa mmoja baada ya mwingine. Taasisi moja ya utafiti ilimpa ripoti yake ya mwaka kila Novemba kuanzia 2019 hadi 2022. Huo ni uthibitisho bora kuliko sifa yoyote ambayo mtu angeweza kujiandikia, lakini ulikuwa umekatwa vipande vinne na kutawanywa katika kurasa tatu.

Afisa mmoja wa rasilimali watu, alipopigiwa simu kuulizwa kuhusu matokeo ya maombi, alieleza wazi kwamba waliona mtu asiyekaa mahali. Tathmini hiyo haikuwa ya haki kwa mhusika, ila naielewa ilikotoka, kwa kuwa wasifu ulikuwa umeandikwa kwa umbo la historia ya ajira, na vichwa 19 vya ajira ndani ya miaka 4 haviwezi kusomeka vinginevyo.

Wasifu wa pili: kosa la kukunja kila kitu

Ushauri wangu wa kwanza ulikuwa rahisi mno, na ndiyo sababu naueleza hapa kwa urefu. Nilimshauri akunje kila kitu ndani ya ingizo moja lenye kichwa "Mhariri na Mfasiri wa Kujitegemea, Aprili 2019 – Agosti 2023", na chini yake aweke mistari mitano ya majukumu: kuhariri ripoti, kusoma prufu, kufasiri nyaraka, kunukuu mahojiano na kuratibu machapisho, yote "kwa mashirika mbalimbali". Mwishoni tuliongeza mstari wa majina ya wateja wenye sifa, kwa nia ya kuupa wasifu uzito.

Aliutuma kwenye nafasi 5 akaitwa kwenye usaili mmoja, na usaili huo ukatuonyesha makosa matatu kwa pamoja.

Jopo lilianza kwa kumuuliza "mashirika mbalimbali" ni yapi, na kwa kiasi gani. Maneno hayo yanaweza kusimama mahali pa kazi 15 na yanaweza pia kusimama mahali pa kazi moja, na wasaili wenye uzoefu wamewahi kukutana na watu waliotumia neno "kujitegemea" kufunika kipindi cha kukosa kazi. Mhusika alijibu vizuri kwa mdomo, lakini alilazimika kuanza usaili akijitetea badala ya kuzungumzia uhariri.

Baadaye wakauliza kama amewahi kufanya kazi ndani ya timu, chini ya msimamizi, akifuata ratiba ya taasisi. Alikuwa amefanya hivyo kwa miezi 9, Januari hadi Septemba 2021, kwa muda wote wa kazi, akiwa na meza ofisini na msimamizi wa kuripoti kwake. Mkataba huo ndio uliofanana zaidi na nafasi aliyoomba, nasi tulikuwa tumeuzika ndani ya mstari wa tano wa majukumu.

Kosa la tatu ndilo lililomkosesha nafasi. Katika orodha ya wateja tulitaja benki moja ambayo nyaraka zake alizifasiri mara mbili. Kazi hizo alizipata kupitia wakala wa tafsiri: wakala ndiye aliyemlipa, ndiye aliyempa maelekezo, na ndiye aliyewasiliana na benki. Jopo lilipowasiliana na benki ili kuthibitisha, huko hakuna aliyemfahamu. Mhusika hakuwa amedanganya, kwani tafsiri zile zilikuwa za mkono wake kweli, lakini kwa mtu aliye upande wa pili wa simu hakuna tofauti inayoonekana kati ya mfasiri aliyefanya kazi kupitia wakala na mtu aliyebuni mteja. Tulipoupitia mkataba wake na wakala tulikuta pia kifungu kinachomkataza kuwataja wateja wa wakala, kwa hiyo jina lile halikupaswa kuwa kwenye wasifu hata kama benki ingemfahamu.

Kazi ya kupanga upya

Baada ya hapo tuliuweka wasifu kando tukaanza na jedwali. Kila kazi ilipewa mstari mmoja wenye vitu sita: nani aliyelipa, nani aliyekuwa mtumiaji wa mwisho, aina ya huduma, tarehe, ukubwa wa kazi kwa kurasa, maneno au saa za sauti, na uthibitisho uliopo, uwe mkataba, ankara au barua pepe. Ilichukua wiki 3. Kazi 2 tarehe zake zilipatikana kwa kufuatilia barua pepe za zamani, na kulikuwa na kazi ya 20 ambayo hatukupata uthibitisho wake wowote, tukaiacha.

Jedwali ndilo lililotupa umbo la sehemu nzima. Kwanza, vibarua vitatu visivyohusiana na lugha viliondolewa. Hakuna udanganyifu katika hilo, kwa sababu wasifu ni uteuzi wa yanayoihusu nafasi inayoombwa, na vibarua hivyo havikuwa vikijaza pengo lolote ambalo msomaji angeliuliza. Fomu inayomtaka mwombaji aorodheshe kila kazi aliyowahi kufanya ni jambo jingine, na hapo huandikwa vyote.

Pili, mkataba wa miezi 9 ulitolewa ukapewa ingizo lake wenyewe, pamoja na maneno "mkataba wa muda maalumu" mbele ya cheo. Maneno hayo ni machache ila yana kazi kubwa: yanamweleza msomaji kwamba kazi ilimalizika kwa sababu muda wake ulikwisha, hivyo hana haja ya kutafuta sababu nyingine ya kuondoka.

Uamuzi huo ulizaa swali la tarehe. Katika miezi ile 9 mhusika hakufanya kazi yoyote ya kujitegemea, kwa hiyo kuandika Aprili 2019 hadi Agosti 2023 bila kukatiza kungekuwa kudai zaidi ya kilichokuwapo, na kungerudisha tena ule upandanaji wa tarehe tuliokuwa tunaukimbia. Tuliandika vipindi viwili chini ya kichwa kimoja. Kama angeendelea kupokea kazi jioni na mwisho wa wiki huku mkataba ukiendelea, kipindi kimoja kingefaa, mradi aeleze kwamba zilifanyika nje ya saa za mkataba na kwamba mkataba wenyewe uliruhusu.

Kazi 15 zilizobaki zilikuwa za wateja 8. Tuliomba idhini ya kuwataja. Watano walikubali, wawili hawakujibu, na wakala alikataa kuhusu wateja wake ingawa aliruhusu kazi yenyewe ielezwe kwa sekta. Wale ambao hawakujibu nao tuliwaandika kwa sekta. Sehemu ilivyotoka ni hii, na mahali palipokuwa na majina nimeweka maelezo:

> Mhariri na Mfasiri wa Kujitegemea
> Aprili 2019 – Desemba 2020. Oktoba 2021 – Agosti 2023
>
> Kazi 15 za uhariri, tafsiri na unukuzi kwa wateja 8 wa sekta za utafiti, elimu na fedha. Wateja 5 kati yao walirudi na kazi nyingine.
>
> *Uhariri na usomaji prufu.* Nilihariri ripoti ya mwaka ya [taasisi ya utafiti] kwa miaka minne mfululizo, 2019 hadi 2022. Kila ripoti ilikuwa na kurasa zipatazo 120 na ilikamilishwa ndani ya wiki 3. Nilisoma prufu za mwisho za vitabu viwili vya kiada vya [mchapishaji].
>
> *Tafsiri.* Nilifasiri nyaraka zenye jumla ya maneno yapatayo 60,000 katika kazi nne, mbili kati yake kwa sekta ya fedha kupitia wakala wa tafsiri.
>
> *Unukuzi.* Nilinukuu mahojiano ya utafiti kwa watafiti wawili.
>
> Mratibu wa Machapisho (mkataba wa muda maalumu, miezi 9)
> [Shirika], Januari – Septemba 2021

Chini ya ingizo hili la pili kulikuwa na mistari mitatu kuhusu ratiba ya machapisho, mawasiliano na wachapaji na usimamizi wa waandishi, kisha ikafuata ile ajira ya awali ya miaka 3. Wasifu wote ukaingia katika kurasa 2.

Msomaji ataona kwamba huduma hazikupewa nafasi sawa. Uhariri uko juu na una maelezo marefu kwa sababu nafasi iliyoombwa ilikuwa ya mhariri. Unukuzi umebaki mstari mmoja. Angekuwa anaomba kazi ya ufasiri, tafsiri ingepanda juu na zile kazi nne zingefafanuliwa moja moja. Faida ya kupanga kwa huduma badala ya tarehe ni hiyo hasa, kwamba sehemu inaweza kuelekezwa upya bila kubadilisha ukweli wowote uliomo.

Kuhusu cheo, mhusika alipendekeza ajiite mkurugenzi wa kampuni ya uhariri, kwa kuwa watu wengi wa kazi zake hufanya hivyo. Nilimshauri asifanye. Hakuwa na kampuni iliyosajiliwa wala mfanyakazi, na cheo cha mkurugenzi kingezua maswali kuhusu mapato, wafanyakazi na sababu ya kiongozi kutaka nafasi ya chini yake. "Mhariri wa kujitegemea" kinasema alichokuwa akifanya, nacho kinatosha.

Miezi mitano isiyokuwa na kazi

Kuanzia Machi hadi Julai 2022 mhusika hakufanya kazi yoyote, kwa sababu alikuwa akimuuguza mzazi. Tulijadiliana kwa muda mrefu kama miezi hiyo ikatwe kutoka kwenye kipindi cha pili, kama tulivyofanya kwa mkataba.

Tuliamua ibaki. Mtu anayejitegemea hupitia miezi ya kazi nyingi na miezi mitupu bila kuacha shughuli yake, na katika miezi ile mhusika aliendelea kuwajibu wateja, akakataa kazi mbili, na mmoja kati ya wale aliowakatalia alirudi tena baadaye. Hata hivyo uamuzi huo ulikuja na sharti. Wasifu haukuwa na neno lolote la kudai kazi mfululizo, wala wastani wa kazi kwa mwezi, na mhusika alijiandaa kujibu swali hilo moja kwa moja kama lingeulizwa. Kipindi kirefu huvumilika pale tu hesabu ya kazi inapokuwa wazi chini yake. Kazi 15 katika vipindi viwili vyenye jumla ya takriban miezi 44 ni hesabu ambayo msomaji anaweza kuipima mwenyewe. Mtu mwenye kazi mbili ndani ya miaka miwili hapaswi kuziwekea paa la miaka miwili. Aandike kazi hizo mbili na miezi yake halisi.

Fomu za kielektroniki

Nafasi mbili ziliombwa kupitia fomu ambayo kila ajira ina kisanduku cha mwajiri, cha cheo, cha tarehe mbili, cha msimamizi na cha sababu ya kuondoka. Kwenye kisanduku cha mwajiri tuliandika "Kujiajiri". Fomu haikukubali vipindi viwili katika ingizo moja, kwa hiyo tuliweka maingizo mawili yenye cheo kilekile, na la pili likasema kwamba ni mwendelezo wa la kwanza. Kwenye kisanduku cha msimamizi aliwekwa afisa anayeshughulikia machapisho katika ile taasisi ya utafiti, baada ya kuombwa ridhaa, na uhusiano wake ukaandikwa "mteja wa miaka minne". Sababu ya kuondoka ilikuwa ya ukweli na fupi: anatafuta ajira ya kudumu ya uhariri.

Matokeo

Wasifu wa tatu ulitumwa kwenye nafasi 6. Mhusika aliitwa kwenye saili 3 na akaajiriwa kupitia ile ya tatu, katika taasisi inayochapisha tafiti. Idadi hii ni ndogo, na wasifu haukuwa kitu pekee kilichobadilika: alikuwa pia ameacha kuomba nafasi zilizo mbali na uhariri, na barua zake za maombi zilikuwa zimeboreshwa. Siwezi kudai kwamba mpangilio peke yake ndio uliomfungulia mlango. Ninachoweza kukieleza kwa uhakika ni kilichoulizwa ndani ya vyumba vya usaili, kwa sababu aliniandikia maswali yote jioni ya kila usaili.

Hakuna jopo lililouliza mashirika ni yapi, na hakuna lililouliza kwa nini alibadilisha kazi mara nyingi. Majopo mawili yalianza na ile ripoti ya mwaka, yakitaka kujua aliwezaje kukamilisha kurasa 120 ndani ya wiki 3 na alifanya nini mwandishi alipokataa marekebisho yake. Moja liliuliza alifanya kazi miezi mingapi katika mwaka 2022. Alijibu kwamba alisimama miezi mitano kwa sababu ya kuuguza, akataja kazi alizofanya kabla na baada yake, na jopo likaendelea na swali jingine. Wadhamini waliopigiwa simu walikuwa wawili, mmoja kutoka taasisi ya utafiti na mwingine msimamizi wa mkataba wa miezi 9, na wote wawili walitoa tarehe zinazolingana na zilizo kwenye wasifu.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi, kwa jinsi ninavyokiona, ni ule mstari wa wateja 5 kati ya 8 waliorudi. Hofu ya mwajiri anaposoma kazi nyingi fupi ni kwamba huenda mtu huyu haridhishi, ndiyo maana hadumu popote. Kwa mfanyakazi wa kujitegemea, kudumu kunaonekana kwa mteja kurudi, na takwimu hiyo ilijibu hofu kabla haijageuka swali. Haikuwamo kabisa katika wasifu wa kwanza wala wa pili, ingawa ukweli wake ulikuwapo wakati wote. Isingeweza kupatikana bila jedwali, kwani mhusika mwenyewe alikuwa akiamini kwamba ni wateja wawili tu waliorudi.

Kosa la wasifu wa pili lilitokana na kudhani kwamba shida ilikuwa wingi wa maingizo, hivyo dawa ni kuyapunguza. Shida halisi ilikuwa kwamba mambo ya aina tofauti yalikuwa yamepewa umbo moja. Wasifu wa kwanza uliipa kila kazi umbo la ajira, na wa pili ukazipa zote umbo la jukumu, ikiwamo ile ambayo ilistahili kweli kuitwa ajira. Kinachotenganisha mkataba wa kutoa nje na kazi ya kuacha ndani ni uhusiano wenyewe zaidi ya urefu wake: kama ulikuwa na msimamizi, saa za kazi na nafasi ndani ya taasisi, hiyo ni ajira ya muda na isimame peke yake; lakini kama ulipokea kazi, ukaikamilisha kwa njia yako na kutoa ankara, inakaa ndani. Mkataba wa miezi miwili wa aina ya kwanza unaweza kustahili ingizo lake, wakati mteja wa miaka minne wa aina ya pili hastahili.

Njia hii ina mpaka wake. Ilifaa hapa kwa sababu kazi zote 15 zilikuwa za lugha, na kichwa kimoja kiliweza kuzibeba bila kunyooshwa. Baadaye nilijaribu kuitumia kwa mtu aliyekuwa na kazi za upigaji picha na za uwekaji wa vitabu vya hesabu kwa karibu idadi sawa. Kichwa kilichoweza kubeba zote mbili kilikuwa kipana kiasi cha kutosema chochote. Kwake tuliishia na sehemu mbili za kujitegemea zenye tarehe zinazokwenda sambamba, na katika kila ombi ile isiyohusika ilibaki na mstari mmoja tu.